Bidoni Iliyonyooshwa

Mpaka leo nikimsikia mtu mzima akimwambia mtoto kwamba kuchora ni kipaji, ukipewa umepewa na ukinyimwa umenyimwa, damu inanichemka. Hakuna anayemwambia mtoto hivyo kuhusu kusoma. Asipojua kusoma tunampa herufi moja, kisha nyingine, tunamsubiri. Lakini kwenye kuchora tunaweka chungu mezani, tunasema "choreni", halafu tunatoa maksi.

Nilipoanza kufundisha kwenye shule moja ya mtaa wa Ngagara, nilipewa darasa la mwaka wa saba na pamoja nao saa ya kuchora, ambayo walimu wenzangu hawakuitaka. Siku ya kwanza niligawa karatasi. Zilikuwa karatasi zilizochapwa upande mmoja; dada yangu anafanya usafi katika ofisi moja mtaa wa Rohero na huko wanazitupa. Nikawaambia wachore kitu chochote wanachokipenda. Wachache waliinama wakaanza. Wengine walitazamana. Mvulana mmoja alichora mistari ya ovyo mpaka akatoboa karatasi, akacheka kwa sauti ili tucheke naye. Na kwenye dawati la nyuma, msichana mmoja alifunika karatasi yake kwa viganja viwili, kama mtu anayezuia upepo usiipeperushe.

Nilimwendea. "Mbona huchori?"

"Madamu, mi siwezi kuchora."

"Umejaribu?"

"Sijuwe kabisa. Uliza hawa."

Sikuhitaji kuuliza. Walisema wenyewe, kwa furaha. Mwaka uliopita mwalimu wao alikuwa amewaambia wachore ng'ombe. Alipoifikia kazi ya msichana huyu aliinyanyua juu, akaizungusha darasa zima, akauliza, "Huyu ni ng'ombe au ni meza?" Tangu siku hiyo walimwita Meza. Hata uwanjani, hata njiani wakirudi nyumbani. Msichana mwenyewe aliyasikiliza hayo yote huku ametazama chini. Alikuwa ametoka Uvira, ng'ambo ya mpaka, na mama yake miaka michache kabla ya hapo. Alikuwa mwepesi wa hesabu na Kifaransa, na kwenye kuchora alikuwa amejifungia mlango kabisa.

Mwalimu yule alikuwa ameshahamishiwa mkoani. Nilikasirika na sikuwa na wa kumkasirikia.

Wiki iliyofuata sikuwaambia wachore kitu. Niliwaambia tutatembeza penseli tu. Mstari wa polepole, mstari wa haraka, mstari mzito, mstari mwepesi ambao hauonekani vizuri. Mawimbi ya ziwa siku ya upepo. Ukurasa mzima.

"Madamu, hii si kuchora," alisema yule mvulana mcheshi.

"Ni nini basi?"

Alifikiri. "Ni mistari."

"Haya, fanya mistari."

Msichana wa dawati la nyuma aliifanya. Mistari haina ng'ombe wala meza; huwezi kuicheka. Nilipopita sikumwambia kazi yake ni nzuri, kwa sababu mtoto aliyeumizwa hilo haliamini, anadhani unamhurumia. Nilimwonyesha sehemu moja. "Hapa umeanza kwa nguvu ukamaliza kwa wepesi. Umefanyaje?"

"Nililegeza mukono."

"Fanya tena hivyo hapa chini."

Akafanya. Tulikwenda hivyo, wiki baada ya wiki, kidogo kidogo. Tulitafuta maumbo darasani: dirisha ni mstatili, kopo la chaki ni miduara miwili na mistari miwili inayoiunganisha. Siku nyingine niliwaagiza wachore mkono wao wa kushoto bila kuangalia karatasi hata mara moja, macho yafuate ukingo wa kidole taratibu na penseli ifuate macho. Zoezi hilo linamtolea kila mtu kitu cha ajabu, hata fundi. Niliwachorea wangu ubaoni nikiwa nimeupa ubao kisogo, ukatoka kama kiazi chenye mizizi. Walicheka sana. Kwa mara ya kwanza msichana yule alicheka na wenzake, na si wao kumcheka yeye.

Kisha niliwapa mchoro wa kiti uliogeuzwa juu chini, wauige hivyohivyo ulivyogeuzwa. Macho yakishindwa kuita jina la kitu yanaanza kuona mistari yenyewe: huu umeinama, ule ni mfupi kuliko huu. Waliogopa mwanzoni. Walipogeuza karatasi zao na kukuta kiti, wakaanza kuonyeshana.

Mkuu wa shule alipita mlangoni siku hiyo. Alinyanyua karatasi moja, akaitazama upande huu na upande ule.

"Madamu, hawa watachora lini?"

"Wanachora, Direkta."

"Mi naona viti vya juu chini. Wenye kipaji wachore, wengine warudilie hesabu. Tusipoteze wakati wa watoto."

Alisema hivyo mbele yao. Nikamwona msichana yule akivuta karatasi yake chini ya dawati.

Siku nzima niliibeba hasira hiyo, nikarudi nayo nyumbani Musaga jioni, nikala nayo. Kazi ya miezi kuirudisha nyuma kwa maneno mawili, na yeye hata hakujua kwamba amefanya kitu. Ndicho kilichoniuma zaidi: hakuwa mtu mbaya. Aliamini.

Basi tukafika kwenye bidoni. Niliweka bidoni, dumu la njano la maji, juu ya meza, ile ambayo kila mtoto wa darasa lile ameibeba kichwani, na nikawakataza kuichora. Kwanza wachore kwa wepesi sanduku tu ambalo bidoni ingeingia. Niliwafundisha kunyoosha mkono wote, kufumba jicho moja, kupima upana kwa penseli na kidole gumba, halafu kuona upana huo unaingia mara ngapi kwenye urefu. Wiki iliyofuata, ndani ya sanduku, mabega na shingo. Wiki nyingine mpini, na hapo niliwaambia wasitazame mpini wenyewe bali tundu lililo chini yake, wachore umbo la hilo tundu. Mwisho kabisa kivuli: upande ulio mbali na dirisha.

Msichana aliniita. Hakuwahi kuniita kabla.

"Madamu, bega hii ya kushoto imepanda sana."

Nilisimama pale nikitaka kucheka na kulia kwa pamoja. Hakusema hawezi. Alisema bega limepanda.

"Utafanyaje?"

"Nitapima tena."

Alipima, akachora mstari mpya pembeni ya ule wa zamani bila kuufuta, kama nilivyowafundisha. Bidoni yake iliegemea kidogo upande mmoja, mpini ulikuwa mnene, lakini ilisimama juu ya meza, ilikuwa na uzito, ungeweza kuamini kwamba ina maji.

Ikaja siku ya wazazi. Mkuu alitaka kazi za wanafunzi zibandikwe ukutani, nami nilimpa za darasa zima, kila moja na jina la mwenyewe chini. Asubuhi ya siku yenyewe niliingia darasani mapema nikakuta zimebandikwa tayari. Nilipita nikizitazama. Nilipofika kwa bidoni ya msichana yule nilisimama.

Ilikuwa imenyooka. Mtu alikuwa amepita juu ya mistari yake kwa penseli nyeusi na rula. Mabega yalikuwa sawa, mpini mwembamba, kivuli kimesuguliwa kwa kidole mpaka kikang'aa. Mistari yake ya kutafuta ilikuwa imefutwa, mpaka karatasi imechakaa. Jina lake lilikuwa limebaki chini. Na hakuwa peke yake. Kazi nyingine kadhaa zilikuwa zimepitiwa hivyohivyo.

Nilimkuta mkuu ofisini akifunga tai.

"Nani amegusa michoro ya watoto?"

"Mimi. Jana jioni. Nimesaidia zile dhaifu kidogo, Madamu. Wazazi wanakuja, na mtu wa wilaya pia."

"Umemsaidia nani?"

"Watoto. Hawataona haya."

"Umewaambia kwamba walichofanya hakifai kuonekana. Hilo ndilo ulilowaambia, na umeliandika juu ya karatasi yao."

"Madamu, ni bidoni tu."

Nilijua nikiendelea nitasema la kunifukuzisha kazi. Nikatoka. Wazazi walishaanza kuingia, wanafunzi nao, na msichana yule alikuwa amesimama mbele ya ukuta na mama yake, mama anayeuza vitenge, ambaye alikuwa ameacha biashara asubuhi hiyo ili aje.

"Ni we umechora hii?" mama alikuwa akiuliza. "Nyumbani unasemaka hujue kuchora."

Nikasema moyoni, basi, amerudi kwenye viganja viwili. Atakubali sifa ambayo si yake na hatashika penseli tena, kwa sababu sasa amejua kwamba hata akijitahidi lazima mtu mkubwa aje amalizie. Mkuu alikuwa nyuma yangu akisalimia wazazi, akitabasamu.

"Apana, mama," msichana alisema. "Hii si yangu."

"Si jina lako hili?"

"Jina ni langu. Bidoni si yangu. Yangu ilikuwa inaegemea."

Hakupaza sauti. Alinyoosha mkono, akang'oa karatasi ukutani taratibu ili isichanike, akaigeuza. Akaomba penseli kwangu. Nilimpa. Aliketi kwenye dawati la mbele, mbele ya wazazi na mkuu na mgeni wa wilaya aliyekuwa anaingia, akaanza na sanduku jepesi. Bidoni haikuwapo mezani. Alifumba macho kidogo, akachora, akasimama, akasahihisha shingo. Hatimaye yule mvulana mcheshi akaketi pembeni yake na karatasi yake mwenyewe aliyoing'oa. Wengine wawili wakafuata.

Mkuu aliniambia kwa sauti ya chini, "Waambie waache. Inaonekana vibaya."

"Waambie wewe, Direkta. Wewe ndiye uliyechora."

Hakuwaambia. Bidoni mpya ilibandikwa ukutani, imeegemea zaidi kuliko ile ya kwanza, na mama yake aliisimamia muda mrefu kama mtu anayemlinda mgonjwa.

Ningependa kusema kwamba mkuu alielewa. Hakuelewa. Mwaka uliofuata saa ya kuchora ilitolewa kwenye ratiba ya darasa langu ikapewa hesabu za marudio, na sababu aliyoitoa kwenye kikao ni kwamba wengi wa watoto hawana kipaji. Nilipinga, wenzangu wakatazama meza.

Sasa wanaotaka kuchora wanakuja Jumamosi asubuhi, na tunakaa barazani mbele ya darasa kwa sababu funguo sipewi. Msichana yule anakuja. Anahangaika kuchora vidole vya mkono, ambavyo ni vigumu kwa kila mtu, na hugombana navyo kwa sauti. Mkuu hupita akatusalimia, nami humwitikia, kwa sababu watoto wanaangalia.