Kipeo cha Sita

Wanafunzi wa mwaka wa kwanza walimwita Mama Fuwele. Jina alilijua na hakulikataa, maana kweli siku zake nyingi zilipotea juu ya vipande vya fuwele visivyozidi ukucha wa kidole kidogo. Alikuwa amevuka arobaini. Alifundisha mazoezi ya fizikia chuoni, na wakati huohuo akisomea uzamivu uliokuwa umezidi kurefuka kama kamba ya kisima. Walioanza naye walishamaliza, wengine walishapandishwa vyeo, na mmoja alirudi akiwa mkuu wa idara.

Nyumbani aliishi na mumewe, mwalimu wa kuendesha gari, pamoja na mama mkwe wake, bibi mwenye maneno machache yenye ncha.

"Hiyo shule yako, mwanangu," mama mkwe alimwuliza siku moja akichambua mchele, "ina mwisho, au ni kama ndoa?"

"Ina mwisho, mama. Umefichwa tu."

"Basi utafute. Kilichofichwa hakijifichui."

Alicheka, lakini neno lile lilimchoma, kwa sababu hakujua pa kutafuta.

Kilichomkwamisha kilikuwa mstari mmoja uliokataa kunyooka. Fuwele zake zilikuwa za aina ambayo, zikipoa, chaji zilizomo ndani husogea kidogo upande mmoja, juu au chini, na fuwele nzima ikawa na ncha mbili za umeme bila kuunganishwa na betri. Ukiipasha moto, kule kusogea hupungua polepole, na kwenye joto fulani hufika sufuri. Joto hilo ndilo joto la mpito. Juu yake hakuna mpangilio. Chini yake upo. Kwa hiyo kiasi cha kusogea ndicho kipimo cha mpangilio, na kazi ya Mama Fuwele ilikuwa kueleza kinavyokufa.

Nadharia aliyopewa na Profesa, msimamizi wake, ilikuwa nyepesi na nzuri. Unachukua nishati huru ya fuwele, ile ambayo maumbile hupenda kuishusha hadi chini kabisa, na kwa kuwa karibu na mpito mpangilio ni mdogo, unaiandika kama jumla ya vipeo vya mpangilio huo, yaani mpangilio uliozidishwa kwa wenyewe tena na tena. Vipeo vya witiri, cha kwanza, cha tatu na cha tano, huviweki, kwani kwa fuwele juu na chini ni mamoja. Kinabaki kipeo cha pili na cha nne. Namba inayozidisha kipeo cha pili hubadilika na joto: juu ya mpito ni chanya, na nishati huwa kama bakuli lenye kitako kimoja, pale penye sufuri. Chini ya mpito inakuwa hasi. Katikati ya bakuli panainuka kilima, pembeni panatokea mabonde mawili, na fuwele huteremkia mojawapo. Kipeo cha nne ndicho kuta zinazoizuia isitoroke. Ukikokotoa kitako cha bonde, unapata kwamba mpangilio ukizidishwa kwa wenyewe, kisha ukachorwa dhidi ya joto, lazima utoe mstari ulionyooka unaofika sufuri kwenye mpito.

Wake haukunyooka. Ulipinda kama mgongo wa paka aliyeogopa, na kadiri alivyokaribia mpito ndivyo ulivyozidi kupinda.

Alibadilisha kipimajoto. Akabadilisha nyaya. Akang'oa gundi ya fedha iliyoshikilia nyaya kwenye fuwele, akapaka nyingine, akangoja ikauke huku kifeni cha dirishani kikimpulizia vumbi la korido. Alipunguza mwendo wa kupasha moto hadi kila kipimo kikawa kinamla siku nzima. Umeme ulikatika katikati ya kipimo, akaanza upya. Mpindo ukabaki palepale, mtulivu, kama mgeni aliyeamua kulala.

Akampelekea Profesa. Profesa alikuwa mtu wa miwani mbili, moja puani na nyingine kipajini, na hakuwahi kuonekana akiharakisha jambo lolote.

"Karibu na mpito vipimo vyako vimechafuka," alisema. "Fuwele hizi tumezichanganya, tumebadilisha sehemu ya chembe zake kwa chembe za aina nyingine. Mchanganyiko haulingani kila mahali, basi mpito unatawanyika. Ondoa hizo nukta za mwisho, chora zilizobaki."

"Nikiziondoa hizo, Profesa, nimeondoa mpito wenyewe. Na ungekuwa umetawanyika, ningeona mkia unaoburuzika kupita joto la mpito. Huu unaanguka wima."

"Basi nadharia ndiyo imekosea?"

"Sijasema hivyo."

"Mimi nimesimamia watu wengi kwa nadharia hii. Rudia."

Alirudia. Na kulikuwa na jambo la pili lililomkera zaidi, ambalo hakumwambia Profesa kwa kuogopa kuchekwa. Alikuwa akipima pia ugumu wa fuwele, yaani inavyokataa kuitikia umeme inaowekewa kutoka nje. Ugumu huo hushuka kwa mstari hadi sufuri ukikaribia mpito kutoka juu, na ukiteremka chini ya mpito hupanda tena. Nadharia inasema mwinamo wa mstari wa chini ya mpito ni mara mbili ya ule wa juu. Wake ulikuwa karibu mara nne. Alidhani ameunganisha kitu vibaya mahali fulani, akagawa kwa mbili kwenye karatasi na kuweka alama ya kuuliza pembeni.

Jioni hiyo alifika nyumbani akafunga mlango kwa nguvu kupita alivyokusudia.

Mumewe alikuwa akifuta viatu. "Gari limekwama wapi leo?"

"Palepale."

"Aliyekwama kwenye tope hakanyagi mafuta zaidi. Anajichimbia."

"Wewe unafundisha watu kugeuza gari," alimjibu, "usinifundishe mimi fuwele." Papo hapo akaona maneno yamezidi kipimo, akakaa kando yake akachukua kiatu cha pili.

Mambo yaligeuka kwa hasira, si kwa hekima. Profesa alimtaka aandike sura ya nadharia, na katika rasimu aliyorudisha, alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu pembeni: *Kipeo cha sita ni kidogo, kiache.* Sentensi hiyo Mama Fuwele alikuwa ameisoma katika tasnifu zote za maabara ile, moja inakili nyingine. Mchana ule, akiwa amekaa katika ofisi ya wasaidizi yenye meza tatu na kiti kimoja kizima, ikamwudhi.

"Kidogo kuliko nini?" aliuliza kwa sauti.

Kidogo kuliko kipeo cha nne, bila shaka. Mpangilio ukiwa mdogo, kipeo chake cha sita ni kidogo zaidi kuliko cha nne. Lakini kila kipeo kina namba yake inayokizidisha. Na kama namba ya kipeo cha nne yenyewe ni karibu na sufuri? Hapo kipeo cha nne hakipo kabisa, na kuta za bakuli zinashikiliwa na cha sita peke yake. Akakokotoa upya kitako cha bonde. Kilichotoka ni kwamba wa kunyooka si mpangilio uliozidishwa kwa wenyewe mara moja, bali kipeo chake cha nne.

Alichora grafu hiyo. Nukta zilijipanga kuanzia mbali hadi ukingoni mwa mpito, zikiwemo zile alizoambiwa azitupe.

Hakushangilia. Alijiona kama mtu aliyetafuta ufunguo wa nyumba akiwa ndani. Kisha akakumbuka ugumu. Akakokotoa na huo, bila kipeo cha nne: mwinamo wa chini ukawa mara nne ya wa juu. Mara nne kamili, kama vyombo vilivyokuwa vikimwambia muda wote ule huku yeye akigawa kwa mbili.

Alimpelekea Profesa, akamwekea karatasi mbili mezani bila kuketi. Profesa alishusha miwani ya kipajini, akatazama sana.

"Mchanganyiko wetu umeangukia pale ambapo namba ya kipeo cha nne inapita sufuri," alisema mwishowe.

"Ndiyo."

"Yaani tukiongeza chembe ngeni hatua moja mbele, inakuwa hasi, na mpangilio haufi polepole tena. Unaruka."

"Ndiyo, Profesa. Na ukiruka, joto la kupanda na joto la kushuka hayatalingana."

"Nukta moja haifanyi mstari. Niletee fuwele za pande zote mbili."

Profesa alikuwa sahihi, na hilo ndilo lililomuudhi zaidi. Fuwele mpya maana yake ni tanuru, na tanuru ilikuwa ya idara mbili. Watu wa udongo na vigae waliiwekea foleni, na kila zamu yake ilipofika ama umeme ulipungua nguvu ama chombo kilipasuka. Kundi la kwanza lilitoka na nyufa. La pili lilitoka na rangi ya chai. Mwaka ukapita. Mama mkwe aliacha kuuliza.

La tatu likatoka safi. Fuwele zenye chembe ngeni chache zilitii nadharia ya zamani, mstari ulionyooka kwa kipeo cha pili, mwinamo mara mbili. Zenye chembe ngeni nyingi ziliruka: mpangilio ulikatika ghafla kabla ya kufika sufuri, tena kwa joto moja zikipanda na jingine zikishuka.

Kamati ya uzamivu ikakaa, ikasema kichwa cha tasnifu hakilingani tena na kile kilichosajiliwa, kwa hiyo aombe upya. Akaomba upya. Akangoja.

Siku ya kutetea, mtahini kutoka chuo kingine, mama mwenye sauti ndogo, alimwuliza swali moja tu gumu. "Nadharia hii inachukulia mpangilio ni mmoja kila mahali. Karibu na mpito kuna mitikisiko, huku zaidi, kule pungufu. Kwa nini haikukuharibia?"

"Katika sumaku nyingi ingeniharibia," alijibu. "Hapa chaji zinavutana kutoka mbali, na zina mhimili mmoja tu wa kusogea. Mitikisiko inakandamizwa. Na pale namba ya kipeo cha nne inapokuwa sufuri, katika anga yetu ya urefu, upana na kimo, masahihisho yake ni madogo mno kwa vyombo vyangu kuyaona. Sisemi hayapo."

Mtahini akaandika kitu, akatikisa kichwa kukubali. Alipita, kwa sharti la kurekebisha sura mbili.

Kwenye ukumbi, watu wakiwa wamesimama na vikombe vya chai, Profesa aliwaambia wageni, "Tangu mwanzo tulishuku kipeo cha sita."

Mama Fuwele aliweka kikombe chake chini.

"Hatukushuku, Profesa," alisema kwa upole. "Tulikiacha."

Profesa alimtazama, kisha akawatazama wageni. "Kweli," alisema. "Tulikiacha." Akaomba sukari.

Jumatatu iliyofuata Mama Fuwele alirudi ofisini, akakuta tasnifu ya mwanafunzi mwingine mezani, ameombwa aisome. Akafungua sura ya nadharia, akakuta sentensi ileile ya kipeo cha sita, akavuta kalamu, akaandika pembeni: *Kidogo kuliko nini?*