Sehemu ya Tatu ya Swali la Kulusum

Mke wangu Kulusum anafundisha historia Koboko, kaskazini-magharibi mwa Uganda. Mwaka huu shule kadhaa ziliungana kutunga mtihani wa majaribio, naye akapewa swali la chanzo: wanafunzi wasome maelezo mafupi, kisha wajibu kutokana nayo.

Akatunga maelezo ya mfanyabiashara wa kubuni kutoka Arabuni. Anafika Kilwa kwa upepo wa kaskazi, analeta vitambaa na vyombo vya udongo, anatafuta dhahabu na pembe. Hawezi kurudi mpaka kusi ianze kuvuma, kwa hiyo anangoja miezi.

Mimi ni fundi cherehani, shule niliishia ya msingi. Alikuwa akinitafsiria mswada wake kutoka Kiingereza huku napiga pasi.

"Baba Latifah, imeeleweka?"

"Imeeleweka. Lakini miezi yote hiyo alilala kwa nani? Alikula kwa nani?"

Akacheka, akaandika sehemu ya tatu: *Wenyeji wa mji na wageni wao walijengaje utamaduni mmoja?* Katika mwongozo wa kusahihisha akaweka alama kwa wenyeji: miji yao, lugha yao ya Kibantu, ndoa, na maneno na dini walivyovipokea kutoka kwa wageni. Sehemu hiyo aliipenda kuliko zote.

Kikao cha kupitia maswali kilikuwa Arua, mji wa jirani. Nilimsindikiza, nikakaa benchi la nje, karibu na dirisha. Mwenyekiti alikuwa mwalimu Amandu.

"Mwalimu Kulusum, hii ya tatu iko ngumu. Tuandike: Waarabu walileta utamaduni gani pwani? Majibu iko kwa notisi za watoto."

"Lakini hao watu wa pwani walikuwa na miji na lugha yao. Wageni waliwakuta."

"Wewe Mnubi, unatafuta babu zako Kilwa?"

Wakacheka. Babu zake Kulusum walikuja huku na jeshi kutoka Sudan, wakaoa hapahapa. Alisema hivyo, kwa sauti ndogo. Wakapiga kura, sehemu ya tatu ikabadilishwa, na mwongozo wake pia. Jina la mtunzi likabaki Kulusum.

Kusahihisha kulifanyika Arua pia, na kila msahihishaji alifungwa na mwongozo. Kulusum alirudi nyumbani hakuvua hata kitambaa cha kichwa. Akaniambia kuhusu karatasi ya mtoto mmoja kutoka shule ya Ludara. Swali lilimuuliza Waarabu walileta nini. Yeye aliandika kwamba wageni walingoja upepo katika nyumba za watu, na watu hao walikuwa na lugha tayari, nayo ndiyo wageni waliyojifunza.

"Nani alimfundisha?"

"Sijui. Si mimi."

"Ukampa ngapi?"

"Mwongozo haukuwa na mahali pa kumpa. Nilimwita Amandu, akasoma, akasema, huyu ametoka nje ya swali." Akatazama vidole vyake, vilikuwa na wino mwekundu. "Nikaweka sifuri, Baba Latifah. Chini yake nikatia sahihi yangu."

Nikawasha pasi.