Kidonge Ambacho Daktari Hakukiandika

Maneno alikuwa fundi cherehani kwa miaka hamsini na miwili, na katika miaka hiyo yote hakuna mteja aliyewahi kumwambia kwamba amedanganya kipimo. Sifa hiyo aliipenda kuliko chakula. Mzee wa miaka sabini na sita, mfupi, mbishi, ndevu zake alizipunguza kwa mkasi uleule wa vitambaa. Majirani wa mtaa wake wa Masaka wakimcheka, aliwajibu kwamba mkasi usiofaa kidevuni haufai kwenye suti.

Mkewe Zaituni Nyirahabimana alimzidi umri kwa miaka miwili, na kwa mdomo hakuwa nyuma hata kidogo. Ungepita kibarazani kwao enzi zile ungewakuta wanabishana juu ya chumvi, juu ya redio, juu ya nani alisahau kufunga bomba. Hawakugombana. Ndivyo walivyopendana wale wawili, na kila mtu mtaani alilijua hilo.

Kisha mtoto wao wa pekee, Kaze, akagongwa na lori akiwa juu ya pikipiki, barabara ya Kanombe, saa nne ya asubuhi. Tangu siku ile Zaituni alizima. Alilala baada ya adhuhuri mpaka watu wanasali alasiri. Alijifunika shali juani. Ukimuuliza jambo alikuangalia kama mtu anayesubiri gari ambalo anajua halitakuja. Maneno alirusha utani wake wote, ule wa chumvi na ule wa redio, na hakuna hata mmoja uliopokelewa. Nyumba ilimtisha. Alimtaka mkewe arudi, na mwanamume huyu, nakwambia, angepokea dawa mkononi mwa shetani mwenyewe kama angeambiwa itamrudisha.

Mwaka uliofuata Zaituni akaugua nimonia, akalazwa wiki nzima. Hajamaliza wiki mbili tangu atoke, mkamwana wao Phiona, mjane wa Kaze, akampeleka kwenye kliniki moja ya kulipia kule Kiyovu apimwe kila kitu. Phiona alilelewa Uganda, alifanya kazi uwanja wa ndege, na aliamini kwamba tatizo lolote lina karatasi yake. Naye alikuwa amefiwa, tusisahau, na hakujua aifanyie nini mikono yake.

Karatasi ilirudi na nyota moja tu. Kwenye mstari wa homoni iitwayo TSH palikuwa na sita nukta tisa, na pembeni pameandikwa kwamba mwisho ni nne na nusu.

"Baba, ona hii," Phiona alisema. "Iko juu. Iko na nyota. Ndiyo maana mama anachoka hivi."

Walimpeleka Zaituni hospitali ya serikali kwa daktari Gahongayire, mwanamke wa makamo aliyekulia Tanzania, aliyewaamkia wazee shikamoo kabla ya kugusa faili. Alimpapasa Zaituni shingo, akamshika mshipa wa mkono, akausikiliza moyo kwa muda mrefu. Kisha akaweka kidole kwenye ile nyota.

"Hii TSH inatoka kichwani, mzee wangu. Ni sauti ya kuihimiza tezi ya shingoni ifanye kazi. Hapa sauti imepanda kidogo. Lakini homoni ya tezi yenyewe ni hii ya mstari wa chini, na iko sawasawa. Tezi inaitikia."

"Lakini namba imezidi," Maneno alisema.

"Imezidi mpaka uliopimwa kwa watu wa kila rika, wengi wao wadogo kwake. Mtu akikaribia themanini namba hii hupanda yenyewe, na sita au saba si ajabu. Tena amepimwa katoka tu kwenye nimonia. Mwili ukiwa unapona, namba hii hupanda kwa muda, halafu mara nyingi inashuka." Akamgeukia Zaituni. "Mama, uchovu huu ulianza lini?"

"Nilipomzika mwanangu," Zaituni alisema.

Daktari akaliandika hilo. Ndipo akaeleza kwamba wazee wenye namba kama hii wamefuatiliwa, wengine wakapewa dawa ya tezi, wengine hawakupewa, na wale wa dawa hawakupata nguvu zaidi. Ingevuka kumi wangeongea mengine. Lakini dawa ikizidi katika mwili wa mzee inaukimbiza moyo na kuila mifupa. Akampangia Zaituni arudi baada ya miezi mitatu kupimwa tena, na akamtajia mama mmoja pale hospitalini anayekaa na wafiwa kila Jumatano.

"Nitakuja Jumatano," Zaituni alisema. Ilikuwa mara ya kwanza mwezi ule kusema jambo bila kuulizwa.

Maneno alitoka amekasirika. Hapa ndipo kosa lake lilipozaliwa, na ni kosa la fundi. Maisha yake yote kitambaa kikivuka chaki kilikatwa. Hukiachi miezi mitatu uone kama kitajirudi chenyewe! Kuambiwa kwamba namba imezidi na hakuna la kufanya kulimuumiza kama kuambiwa kwamba mkewe ameshazeeka mno, hasumbukiwi tena. Na kile kikao cha Jumatano akakiona upuuzi. Kulia na watu baki kutamsaidia nini? Jumatano ilipofika alisema ana suruali za watu za kumaliza. Jumatano ya pili akasema mvua. Zaituni hakuuliza ya tatu.

Phiona ndiye aliyeleta vidonge. Alimtuma mwenzake wa kazini aliyekwenda Kampala, ambako mama mdogo wa Phiona alikuwa akivitumia na amepona kabisa. Huyo mama mdogo alikuwa na miaka arobaini na tezi iliyokufa kweli, lakini nani wa kuuliza hayo? Juu ya kila kidonge paliandikwa mia moja.

"Daktari alikataa," Maneno alisema, akikigeuza kiboksi mkononi.

"Baba, daktari iko na wagonjwa mia. Sisi tuko na mama mmoja."

Neno hilo lilimmaliza. Lakini alimjua mkewe. Zaituni hangemeza kitu bila idhini ya daktari, alikuwa mkaidi kwa hilo. Basi asubuhi iliyofuata, kabla ya chai, Maneno akamletea kidonge na maji kwenye kikombe chake cha bati.

"Daktari Gahongayire amepiga simu. Amefikiri tena. Anasema uanze dawa."

Zaituni alimtazama. "Amesema yeye?"

"Amesema."

Akanyoosha kiganja. Katika miaka hamsini na mmoja ya ndoa yule mume hakuwahi kumdanganya, hata kuhusu bei ya nyama, kwa hiyo hakuwa na sababu ya kuuliza mara mbili. Nikifika hapa hunipanda hasira, kwa sababu uaminifu wa miaka yote hiyo ulitumika siku moja, kwa kazi hiyo.

Na mwanzoni, jamani, dawa ilifanya kazi! Wiki ya tano Zaituni aliamka kabla ya alfajiri akafagia uwanja. Usingizi wa mchana ukaisha. Wiki ya saba, siku ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya mtaa kila mwisho wa mwezi, alitoka na jembe lake pamoja na vijana kuzibua mtaro, yeye ambaye kwa umri wake hakuna anayemdai kazi hiyo, na majirani wakampigia makofi. Maneno alisimama kando akifuta macho. Alimpigia Phiona simu akamwambia mama amerudi.

Hakuwa amerudi. Hilo Maneno aliliona na akakataa kuliona. Zaituni alifanya kazi bila kusema neno, kama mtu aliyesukumwa. Gauni ambalo Maneno alimshonea sikukuu ya Idi lilimpwaya, naye fundi akalipunguza pande zote mbili, sentimita tano nzima, kwa mikono yake mwenyewe. Vidole vya mkewe vikaanza kutetemeka asiweze kupitisha uzi kwenye tundu la sindano. Asubuhi moja alijishika kifua.

"Baba Kaze, humu ndani kuna kuku anayepiga mabawa."

"Ni nguvu, Mama Kaze," alimwambia. "Zinarudi." Akamkabidhi kidonge.

Wiki ya tisa, Jumanne, jua limeshapanda, Zaituni alikuwa akichambua maharage kibarazani na Maneno yuko kwenye cherehani yake. Ungo ulianguka. Alipogeuka kumtania, akaona mdomo umekwenda upande na mkono wa kulia unaning'inia. Maneno alipiga kelele mpaka mtaa ukatoka.

Daktari Gahongayire aliwakuta wodini siku ya pili. Phiona alikuwa kwenye zamu yake kazini. Zaituni alilala na mto mgongoni, amefumbua macho, anasikia kila kitu. Daktari alishika utepe mrefu wa mashine ya moyo na karatasi ya damu, na hakusema shikamoo.

"Moyo wake unapiga ovyo, bila mpangilio," alisema. "Ukipiga hivyo damu huganda ndani yake. Bonge moja limekwenda kichwani. Na TSH yake, ile iliyokuwa sita nukta tisa, leo karibu haisomeki. Homoni ya tezi ndiyo imepanda, mbali sana. Mwili haufanyi hivi wenyewe kwa miezi mitatu. Amekuwa akimeza dawa, na dawa nyingi. Hata ningeamua kumtibu, ningeanza na robo ya kidonge cha mia moja."

Maneno alikodolea macho sakafu.

"Miadi yake ilikuwa Jumatatu ijayo," daktari aliendelea, na sauti yake ikashuka. "Tungepima tena. Pengine namba ingekuwa imeshuka. Pengine isingeshuka. Sasa hatutajua. Mimi sikuandika dawa yoyote. Wala sikumwagiza mtu, hata kwa simu. Nani alimpa?"

Zaituni aligeuza macho polepole mpaka yakamfikia mumewe, yakakaa hapo. Maneno alifungua kinywa.

"Mi," Zaituni alisema. Ulimi ulikuwa mzito, akaupigania. "Mi-mi."

"Wewe mwenyewe, mama?"

"Ni-linunua."

Daktari hakuamini, ungeona wazi. Akamgeukia Maneno. "Mzee, ulijua?"

Mkono wa kushoto wa Zaituni, ule mzima, ulitambaa juu ya shuka ukashika ncha ya mkono wa shati la mumewe. Ulimzuia. Miaka hamsini na mmoja Zaituni alikuwa amemfunika makosa mbele za watu, na hata pale, na nusu ya mdomo wake, alikuwa anamfunika. Maneno angeweza kusema kweli. Sentensi moja tu ilihitajika, na alikuwa nayo.

"Sikujua," Maneno alisema.

Daktari aliandika kwenye faili kwamba mgonjwa alijinunulia dawa mwenyewe, akatia sahihi, akaenda kitanda cha pili. Zaituni, aliyeusikia uongo huo wa pili kwa masikio yake, aliachia shati. Aligeuza uso wake ukutani, na Maneno alipomwita hakuitika.