Barua Moja kwa Kila Nyumba

Karani wa shule walimwita Bi Muhuri, maana hakuna karatasi iliyotoka pale bila yeye kuigonga muhuri. Miaka ishirini na mbili ofisi ile ilikuwa mikononi mwake, na mwalimu mkuu mwenyewe alibisha hodi kabla ya kuingia. Alipenda utaratibu kuliko watu. Ndivyo alivyokuwa, tusimpake mafuta kwa mgongo wa chupa.

Muhula ule mwalimu mkuu aliandika barua kwa wazazi. Madaraja yalikuwa yamebadilika: zamani A ilianzia alama sabini, B sitini, C hamsini, sasa A ingeanzia themanini, B sabini, C sitini. “Mtoto aliyepata B muhula uliopita, akapata C leo,” barua ilisema, “huenda hajashuka hata kidogo. Msilinganishe herufi ya muhula huu na ya muhula uliopita. Mwombeni mwalimu wa darasa alama zenyewe.” Ilibidi iwe hivyo, kwa sababu ripoti za shule ile zilionyesha herufi tu, alama zilibaki kwenye daftari la mwalimu.

Karatasi zilikuwa haba. Bi Muhuri akafanya kama alivyofanya miaka yote: barua moja kwa kila nyumba, apewe mtoto mkubwa. Alichukua orodha ya wanafunzi iliyopangwa kwa majina ya baba, akakata kwa kalamu nyekundu wadogo wote. Kazi safi, akajisifu moyoni.

Alhamisi watoto wakapewa ripoti, na wakubwa wakapewa barua. Ijumaa, siku ya kufunga shule, wakaanza kurudisha vipande vya chini vya barua, vilivyotiwa saini na wazazi. Msichana mmoja wa darasa la juu akaweka chake mezani.

“Asante. Na mdogo wako Kidoti, ameiona barua?”

“Yeye hakai kwetu, Bi. Tumechangia baba tu, mama mbalimbali. Anakaa kwa mjomba wake, yule fundi saa.”

Bi Muhuri alimkumbuka vizuri mjomba yule. Muhula uliopita alisimama mbele ya meza hiyohiyo, mpole kabisa, akasema, “B ndiyo mpaka wangu. Akishuka chini ya hapo, anakwenda kwa bibi yake kule mashambani akamuuguze. Shule haimfai.” Na mtu yule hakuwa wa kutisha kwa mdomo mtupu.

“Kidoti yuko wapi leo?”

“Hajaja.”

Bi Muhuri alifungua daftari la mwalimu wa darasa. Muhula uliopita wastani wa Kidoti ulikuwa sitini na tatu. Muhula huu, sitini na tisa. Mtoto alikuwa amepanda alama sita, na ripoti yake ilisema C.

Alichukua nakala ya barua akatoka bila hata kufunga ofisi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Njiani alijaribu kujituliza. Labda mjomba hajaisoma ripoti. Labda mtoto anaumwa tu. Lakini kila alipojiambia “labda” alizidi kuharakisha hatua.

Fundi alikuwa kibandani, kioo cha kukuzia kimebanwa jichoni, saa ya mkono imefunguliwa mbele yake. Alisikiliza, akapokea barua, akaisoma taratibu tangu mwanzo hadi mwisho. Kisha akairudia. Saa za ukutani ziligonga kila moja kwa wakati wake, na Bi Muhuri akatamani zinyamaze.

“Kwa hiyo hakushuka,” akasema fundi.

“Amepanda. Alama sita. Yuko wapi, baba?”

“Nimempandisha gari la alfajiri. Sasa hivi yuko mbali, na kule simu haishiki.”

“Atarudi tu. Utamfuata...”

“Nitamfuata kesho.” Alikitoa kile kioo jichoni. Jicho lilikuwa jekundu. “Bi, mimi sikumpeleka kwa sababu ya C. Nilikuwa nimeanza kulainika. Jana usiku alilia, akaniambia madaraja yamebadilika, na barua ipo. Nikamwambia, ilete. Akasema barua wamepewa watoto wakubwa tu.”

Bi Muhuri akaikumbuka kalamu yake nyekundu.

“Nikamwuliza, shule gani inawaandikia wazazi halafu inawanyima wengine barua? Nikamwita mwongo. Nikampiga, Bi. Sijawahi kumpiga mtoto yule. Akaenda kufungasha nguo zake mwenyewe.” Aliiweka barua juu ya meza, akainyoosha kwa kiganja. “Nani aliyeamua wapewe wakubwa tu?”

Angeweza kumtaja mwalimu mkuu. Angeweza kusema karatasi zilikuwa haba, na ingekuwa kweli.

“Ni mimi,” akasema.

Fundi aliikunja barua. “Basi kesho tutakwenda wote,” akasema, “ukamwambie mwenyewe.”