Msusi wa Kibomet Aliyeahidi Harusi Isiyokuja

Jua halijapanda vizuri juu ya soko la Chwele, na Lorna Chepngeno tayari amebana kichwa cha mtu katikati ya magoti. Ni kichwa cha Mama Rosaline, muuza nyanya, na leo kimekuja na mashtaka.

"Ulisema yule mwanamume mbaya atashikwa kabla ya mahindi kuvunwa," anasema Rosaline. "Tumevuna. Tumekausha. Yeye bado anakula vizuri."

Lorna hutoka Kibomet, Kitale, kila siku ya soko kuja kusuka hapa Chwele, Bungoma. Wasusi wako wengi hapa. Wateja humngojea yeye kwa sababu husimulia alichotazama kwenye televisheni wiki nzima.

Alianza na telenovela ya Meksiko: msichana maskini, mrithi wa shamba kubwa, na mama mkwe mwenye roho ya nyoka. Ilikuwa na sehemu mia moja na ishirini, jioni tano kwa wiki, hivyo ikachukua kama miezi sita. Waandishi walijua mwisho tangu mwanzo, na kila siri iliyofichuka iliisukuma hadithi kuelekea huko. Mama mkwe akafungwa, wapenzi wakaoana, Chwele ikalala kwa amani.

Kisha akaingia kwenye nyingine, ya mchana, ya Kimarekani. Huku zote huitwa sopu, basi akadhani zote huisha. Akatangaza msimu wa harusi, na wa kushikwa kwa mwanamume mbaya, kwa uzito wa askofu.

Haikuisha. Tamthilia hiyo ilianza kabla Lorna hajazaliwa, na huandikwa iendelee maadamu ina watazamaji. Haina msichana mmoja wa kufuatwa. Ina familia kadhaa zinazopokezana mikasa. Hapa ndoa ikifungwa, pale nyingine inavunjika. Mwanamume mbaya alizikwa, akarudi akiigizwa na mtu mwingine kabisa, na mkewe hakushtuka.

Wateja wakaanza kuhamia kwa msusi jirani, mwanamke asiyesema neno, lakini ambaye hajamwahidi mtu harusi.

Lorna hataki kuliacha soko hili. Anamweleza Rosaline ukweli wote, bila kupunguza kasi ya mkono.

"Ati haina mwisho? Sasa mimi nililia bure?"

"Hukulia bure, mama. Hiyo watu wanaishi nayo tu, kama majirani. Ile ya kwanza ni safari, inafika."

"Majirani ninao. Nipe inayofika, bana."

Hilo Lorna amelipanga, anamwambia. Ipo telenovela mpya iliyoanza wiki hii, na safari hii ameuliza idadi ya sehemu kabla ya kufungua mdomo: itakwisha kabla ya Krismasi. Ile ya mchana atawasimulia wanaopenda umbea usio na kituo. Wateja wakirudi, atakodi kibanda hapa Chwele mwakani.

"Nitawarudisha," anasema. "Mmoja mmoja, kichwa kwa kichwa."

Nywele zimekwisha kusukwa. Rosaline anasimama, anajikagua kwenye kioo, anaziangalia nyanya zake zisizo na mtu wa kuziuza. Kisha anaketi tena.

"Huyo msichana wa hadithi mpya," anauliza, "anaitwa nani?"