Anwani Mpya ya Maimuna

Twaiba Suleiman wa Mwabungo alikuwa na umri wa miaka sitini na mmoja alipopanda ndege kwa mara ya kwanza. Kazi yake ni kushona makuti. Wanaojenga mabanda ya hoteli kule Diani wamemjua miaka mingi, na wanajua kwamba makuti ya Twaiba hayana jani lililooza lililofichwa katikati ya mzigo. Mumewe, mzee Dzombo, analima mihogo na kufuga mbuzi wachache, na tangu mguu wake uanze kumsumbua hapendi kwenda mbali na nyumbani.

Binti yao Maimuna ni muuguzi. Aliondoka hospitali ya Msambweni akaenda kufanya kazi Ujerumani, katika mji uitwao Hanau, karibu na Frankfurt, na huko akaolewa na Iddi, kijana wa Matuga aliyetangulia kwenda. Walipopata mtoto wa kwanza, Maimuna alilia kwenye simu. Alitaka mama yake aje amkande, amfundishe kumwogesha mtoto, akae naye angalau kidogo.

Kupata viza kulichukua miezi. Twaiba alisafiri hadi Nairobi na mafaili yake: taarifa ya benki, cheti cha kikundi cha akina mama washona makuti, hati ya shamba, bima ya matibabu ya safari. Maimuna naye alikwenda katika ofisi ya wageni ya huko kwao akaandikiwa karatasi rasmi ya dhamana, kwamba gharama zote za mama yake zitakuwa juu yake. Viza ilipotoka ilikuwa ya siku arubaini na tano.

Wiki mbili kabla ya safari, Maimuna alipiga simu kwa furaha.

"Mama, tumehama! Tumepata nyumba yenye chumba chako wewe mwenyewe."

Twaiba alifurahi naye. Alipokata simu ndipo alipolifungua faili akaitazama ile karatasi ya dhamana. Anwani iliyoandikwa pale ilikuwa ya nyumba ya zamani.

Alimpelekea jambo hilo mpwa wake Nassir, ambaye ameajiriwa katika ofisi ya kukatia tiketi Ukunda na amekaa na watu wa bara hadi Kiswahili chake kimebadilika.

"Shangazi, usijipee stress," Nassir alimwambia. "Officer akikuuliza utakaa wapi, wewe soma vile karatasi inasema. Ukianza story za kuhama, wataona kuna kitu unaficha. Unamkumbuka mama Kanze wa Galu? Alirudishwa na ndege ileile."

"Alirudishwa kwa sababu gani?"

"Alisema hivi, mwanawe akapigiwa simu akasema vile."

Twaiba akarudi nyumbani. Usiku huo alimweleza mumewe. Mzee Dzombo akasema kwamba yeye hajui mambo ya viwanja vya ndege, ila kama mtu anakuuliza unalala wapi, na wewe unajua unalala wapi, haoni ugumu wa jibu. Twaiba aliona ugumu. Alimwomba Maimuna amtumie kwa simu karatasi ya upangaji wa nyumba mpya, akaenda kuichapisha Ukunda, akaitia ndani ya faili nyuma ya nyingine zote. Hata hivyo alikuwa hajaamua. Anasema mwenyewe kwamba alipanda ndege Mombasa akiwa na majibu mawili, moja mkono wa kulia, jingine wa kushoto.

Ndege ilitua Frankfurt asubuhi. Abiria walitembea kwenye ukumbi mrefu hadi penye foleni mbili, moja ya watu wa Ulaya na moja ya wengine. Twaiba alisimama katika ile ya wengine, buibui lake limekunjika kwa kukaa sana, faili amelikumbatia kifuani. Mbele yake watu walikuwa wakiulizwa maneno mawili matatu na kupita. Hilo lilimtia moyo kidogo.

Zamu yake ilipofika alikuta afisa, msichana wa miaka thelathini hivi, amevaa sare ya buluu, nywele amezifunga nyuma. Alimpiga picha, akamwonyesha kioo kidogo aweke vidole. Kisha akauliza kwa Kiingereza amekuja kufanya nini.

Kiingereza cha Twaiba ni cha kuuzia makuti. "My daughter," alisema. "Baby."

"Where will you stay?"

Swali lenyewe likawa limefika, mapema kuliko alivyotarajia. Twaiba alifungua faili. Kidole chake kiligusa ile karatasi ya dhamana iliyo juu, yenye muhuri, yenye kupendeza macho. Ingemtosha kuisukuma tu chini ya kioo, wala asiseme neno. Ndipo akamfikiria Maimuna, aliyekuwa akimngoja nje upande wa pili wa ukuta ule na mtoto mikononi. Wakimpigia simu atasema anakaa wapi? Atasema anapokaa. Maimuna hakufundishwa jibu lolote.

Alitoa karatasi zote mbili akaziweka pamoja. Akagusa ya kwanza, "Old house." Akagusa ya pili, "New house. They move."

Msichana alizisoma, akazilinganisha, akakunja uso kidogo. Alisema jambo kwenye simu ya mezani, kisha akatoka kwenye kibanda chake na kumwonyesha Twaiba kwa mkono amfuate.

Twaiba alimfuata. Watu wa foleni walikuwa wakimtazama, na yeye hakuwa na la kufanya isipokuwa kuvuta mkoba wake na kusoma dua kimoyomoyo. Aliona kama kwamba Nassir alikuwa amesema kweli.

Chumba alichopelekwa kilikuwa na meza, viti vitatu na simu. Afisa alimpa kikombe cha maji, akabonyeza namba, na mara sauti ya mwanamke ikatoka kwenye simu.

"Shikamoo mama. Mimi ni mkalimani. Nitatafsiri kila kitakachosemwa, chako na chake."

"Marahaba, mwanangu," Twaiba alijibu, na kusikia lugha yake mahali pale kulimfanya avute pumzi hadi chini. Sauti ilikuwa ya mtu wa Tanga au Unguja, hakuweza kujua.

Afisa aliuliza kwa utaratibu, bila ukali wala tabasamu. Kwa nini anwani ni mbili?

"Karatasi ya dhamana iliandikwa kabla hawajahama. Wamehama wiki mbili tatu zilizopita. Mimi nyumba ile mpya sijaiona. Najua tu kwamba kuna chumba changu, na hiyo ni karatasi ya upangaji."

Atakaa siku ngapi?

"Siku arubaini. Tiketi ya kurudi hii hapa, tarehe imeandikwa. Viza ni ya arubaini na tano." Kisha akaongeza, "Mwanangu alitaka nikae miezi mitatu. Nilimwambia haiwezekani."

Mkalimani alitafsiri yote. Afisa aliinua macho.

"Kwa nini haiwezekani?"

"Kwa sababu viza hairuhusu. Na mume wangu mguu wake ni mbovu. Na akina mama wa kikundi wana oda ya hoteli, wanangoja nirudi tukague makuti kabla hayajapelekwa."

Afisa hakulijua neno makuti, na mkalimani alilazimika kuuliza, na Twaiba akaeleza kwa mikono jinsi kuti linavyokunjwa juu ya ufito na kushonwa. Kwa mara ya kwanza yule msichana alionekana kusikiliza jambo lisilokuwa katika orodha yake. Lakini hakupoteza njia.

"Je, utafanya kazi hapa? Utalipwa kwa kumtunza mtoto?"

"Ni mjukuu wangu," Twaiba alisema. "Nitamwogesha. Sitalipwa, na kazi nyingine sitafanya."

"Una pesa kiasi gani?"

Alifungua kipochi akamwonyesha yuro alizobadilisha Ukunda, akazitaja zilivyo bila kuongeza. Akatoa na taarifa ya benki. "Za kwangu ni hizi. Nyingine ni dhamana ya mwanangu, ndiyo ile karatasi. Siyo nyingi, lakini tiketi imekwisha lipwa na kulala silipi."

Afisa aliomba namba ya Maimuna, akatoka nje kupiga. Mkalimani bado alikuwa kwenye simu, lakini hakuruhusiwa kuzungumza naye bila afisa, kwa hiyo wote wawili walinyamaza, mmoja huku na mwingine sijui wapi. Twaiba anasema hicho ndicho kitambo kirefu kuliko safari yote. Alijaribu kuyapitia majibu yake aone kama kuna alipokosea, akagundua kwamba hana haja ya kukumbuka alichosema. Kilikuwa ni kile kilichokuwapo. Hofu haikumtoka, lakini haikuwa na pa kushika.

Afisa aliporudi alikaa, akaandika kwenye kompyuta. Kisha akasema, na mkalimani akamfuata neno kwa neno:

"Binti yako amesema hayo hayo. Hata la miezi mitatu amelisema, na kwamba ulikataa. Anwani iliyobadilika si kosa lako, ila safari nyingine ibebe karatasi ya upangaji juu, si chini. Ukae salama. Siku ya mwisho ya viza uijue."

"Naijua," Twaiba alisema. Akamgeukia mkalimani, yaani ile simu. "Na wewe mwanangu, Mungu akuweke."

"Ahsante mama," ikajibu sauti. "Umpe mjukuu salamu."

Nje Maimuna alikuwa amejiinamia kwenye kizuizi, macho mekundu. Alidhani mama yake amerudishwa. Walishikana hapo hapo, mtoto katikati akipiga kelele, na Iddi akachukua mkoba. Ndani ya gari Maimuna alikiri kwamba afisa alipompigia, alitaka kusema mama anakuja kwa wiki mbili tu, ili isikike vizuri. "Kisha nikafikiri, mama yangu atakuwa ameshasema kweli. Nikakufuata wewe."

Siku arubaini zilipita upesi. Twaiba alimkanda bintiye, akamwogesha mtoto, akakaa dirishani akishangaa watu wanavyotembea bila kusalimiana. Mara mbili Maimuna alisema wajaribu kuomba siku zaidi, na mara mbili mama akabadilisha mazungumzo. Usiku wa mwisho walilia wote, na hakuna aliyesema lolote kuhusu sheria.

Asubuhi ya kurudi, Twaiba alijitayarisha tena. Karatasi alizipanga, ya upangaji juu kabisa, na majibu yote yalikuwa tayari mdomoni. Afisa wa kutoka alikuwa mwanamume mnene mwenye miwani. Alichukua pasipoti, akatazama skrini, akairudisha.

Hakuuliza hata swali moja. Twaiba alibaki amesimama pale kidogo na faili lake wazi, hadi mtu wa nyuma alipokohoa, naye akasogea.