Lifti, Binamu Sipke na Barua ya Foppe

Kila Jumanne asubuhi Hiltje Wiarda hufungua chumba kidogo cha kituo cha mtaa, upande wa kaskazini wa mji wa Leeuwarden, huteleka kahawa, hutoa biskuti moja kwa kila mgeni, kisha hulifunga bati la biskuti. Biskuti moja, basi. Watu wamejaribu kumlainisha wakashindwa, akiwemo mchungaji.

Wanaokuja kwake huja na hasira zao zikiwa zimeandikwa. Mmoja kakosana na kampuni ya gesi, mwingine na daktari wa meno, mwingine na jirani mwenye jogoo. Hiltje huwasaidia kuandika upya. Hajasomea kazi hiyo. Alifanya kazi kiwanda cha maziwa hadi akastaafu, dawati la malalamiko, na barua zote za maziwa yaliyoganda kabla ya siku yake zilipita mikononi mwake. Ndiyo maana anajua barua inavyosomwa na aliye upande wa pili. Aliyeandika kwamba chupa imevimba na akataja tarehe, alipigiwa simu siku hiyohiyo. Aliyeandika "nyinyi wauaji" alipelekwa kitengo cha sheria, na kitengo cha sheria hakijawahi kuwa na haraka na mtu.

Asije mtu akadhani ni mwanamke mpole. Kwa jirani yake, kuhusu majani yanayoanguka upande usio wake, ana mdomo ambao hata kitengo cha sheria kisingeuweza. Lakini barua ni barua.

Jumanne moja ya Machi aliingia Foppe Hoogland, mzee mrefu aliyekuwa mlinzi wa daraja la mfereji. Maisha yake yote aliinua daraja na kulishusha, na kwa kazi hiyo mtu hahitaji maneno mengi. Alitupa karatasi mezani bila hata kukaa.

"Lifti," akasema.

"Habari za asubuhi na wewe pia, Foppe. Keti. Kahawa?"

"Mke wangu Aukje yuko kwenye kiti cha magurudumu, hawezi kushuka. Tuko ghorofa ya nne na lifti imekufa. Kwaya yake inaimba Pasaka, na hajahudhuria zoezi hata moja tangu ilipokufa. Nimewapigia simu shirika la nyumba mpaka wananijua kwa kikohozi. Leo nimewaandikia. Nataka uniangalizie tu kabla sijaituma."

Hiltje ana desturi yake, na haivunji kwa yeyote: kabla ya kugusa kalamu, huisoma barua ya mgeni kwa sauti, yote, kwa hasira ileile iliyoandikiwa. Alisimama, akavaa miwani, akaanza.

"'Kwenu nyinyi wavivu wa kutupwa. Lifti yenu haifanyi kazi kamwe. Mkurugenzi wenu na afungwe kwenye kiti, asukumwe ngazini, tuone kama atacheka. Msipokuja wiki hii nitakuja mwenyewe na mnyororo wa daraja nifunge lango lenu, na hakuna atakayetoka.'" Akapiga meza. Mama mmoja aliyekuwa akifuma chumba cha pili alichungulia mlangoni, akaona ni Hiltje, akarudi kufuma. "'Huyu mke wangu akiimba jikoni mimi huzima redio nimsikilize. Sasa haimbi. Sitawasamehe.'"

Akakaa. Foppe alikuwa mwekundu hadi masikioni.

"Ukiisikia hivyo ni kali," akasema.

"Ni nzuri sana. Imenichangamsha. Umepumua?"

"Kidogo."

"Haya. Sasa nikwambie itakavyosomwa. Huu mnyororo wako, wataukamata huo. Watakujibu kuhusu mnyororo, kurasa mbili, na lifti haitatajwa. Halafu hili la kwamba haifanyi kazi kamwe. Mwezi Desemba ilifanya kazi?"

"Ilifanya."

"Basi umewapa pa kukuitia mwongo. Nenda kachukue kahawa, niandike."

Akaandika. Aliandika haraka, kwa raha, kama mtu anayejisifu kimoyomoyo, na hapo ndipo alipoteleza. Alipomaliza alimsomea. Foppe aliinua unyusi mmoja, akayarudia maneno yake.

"'Tungependa kuwafahamisha kwamba lifti imekuwa na hitilafu za hapa na pale, jambo linalotuletea usumbufu kiasi, na tungeshukuru sana mkipata nafasi...' Hiltje, hii ni kadi ya Krismasi. Bado kuwatakia heri na familia zao."

"Ni ya heshima."

"Ni ya heshima hadi lifti imepona humo ndani. Mimi nikiwa ofisi ile ninaiweka chini ya kikombe."

Hiltje alitaka kukasirika. Alifungua kinywa, akakifunga, akaisoma tena karatasi yake, na cheko likamtoka lenyewe, maana mzee alisema kweli. Alikuwa ameondoa matusi akaondoa na jambo lenyewe. Akaikunja ile kadi ya Krismasi akaitia kwenye kapu.

"Nipe tarehe," akasema. "Iliharibika lini na lini?"

"Mara nyingi."

"Nyingi haina tarehe, Foppe. Umeandika popote?"

Foppe alisita. "Chooni."

Kwa watu wa huko hakuna cha ajabu hapo. Kila nyumba ina kalenda ya siku za kuzaliwa, na kalenda hiyo huning'inizwa chooni, mahali ambapo hakuna asiyefika, ili shangazi asisahauliwe. Wakampigia simu Aukje, wakaiweka simu katikati ya meza, akasikika akisukuma magurudumu ya kiti chake kwenye ujia.

"Nimefika," sauti yake ikasema. "Haya. Januari, tarehe kumi na nne: binamu Sipke, na lifti. Februari, tarehe tatu: shangazi Baukje, na lifti. Februari ishirini na nne: lifti peke yake. Huyu hatujamnunulia zawadi."

"Siku hiyo ya shangazi Baukje ilikuwaje?" Hiltje akauliza huku akiandika.

"Nilikuwamo ndani. Ilisimama katikati. Nilibonyeza kengele ya dharura na hakuna aliyejibu. Foppe alinisikia nikiimba, ndipo akampigia fundi. Nilikaa dakika arobaini humo. Niliimba sehemu yangu yote ya Pasaka, mara mbili."

"Na hii ya mwisho, tangu tarehe ishirini na nne haijatengenezwa?"

"Bado. Na ile siku ya daktari amekwambia?"

Hiltje akamtazama Foppe. Foppe akaitazama biskuti yake.

"Hakunambia," akasema Hiltje.

Aukje akasema: "Tarehe ishirini na saba nilikuwa na miadi. Foppe na kijana wa ghorofa ya tatu walinibeba kwenye kiti cha jikoni. Ngazini mguu wa Foppe uliteleza, kiti kikagonga ukuta. Sikuumia. Lakini nilipopandishwa nyumbani nilisema sibebwi tena, na sijatoka tangu siku hiyo. Foppe, mpenzi, halikuwa kosa lako. Nimekwambia mara ngapi?"

"Nimesikia," Foppe akasema kwa sauti ndogo.

Kumbe hilo ndilo lililokuwa zito kuliko yote, na ndilo pekee ambalo barua yake haikuligusa. Alikuwa amepanga matusi kulizunguka, kama mtu anayerundika viti mlangoni. Hiltje alimhurumia sana, na akaionea aibu ile kadi yake. Alimkatia kipande cha mkate wa sukari aliojiwekea wa chakula cha mchana, akamsogezea, akachukua karatasi mpya.

Safari hii aliandika polepole, kila sentensi akimuuliza Foppe: Uliliona? Nani mwingine aliliona? Lilipokuwa jibu "nadhani", alilifuta. Mwishowe akampa asome mwenyewe.

"Lifti ya jengo letu imeharibika mara tatu mwaka huu: tarehe 14 Januari, 3 Februari na 24 Februari. Tangu tarehe 24 Februari haifanyi kazi. Kila mara tuliripoti kwa simu siku hiyohiyo. Tunaishi ghorofa ya nne na mke wangu anatumia kiti cha magurudumu. Tarehe 3 Februari alikwama ndani ya lifti kwa dakika arobaini. Alibonyeza kengele ya dharura na hakujibiwa. Tarehe 27 Februari ilibidi abebwe kwenye ngazi kwenda kwa daktari. Mimi niliyekuwa nikimbeba niliteleza, na kiti kikagonga ukuta. Tangu siku hiyo hajatoka nje. Akiugua ghafla, hakuna njia salama ya kumshusha. Tunaomba lifti itengenezwe na kengele ikaguliwe kabla ya tarehe 25 Machi, na wiki hii mtuandikie ni siku gani fundi atakuja. La sivyo, tutalipeleka jambo hili kwenye kamati yenu ya malalamiko."

Foppe aliisoma mara ya kwanza, akarudia. Alipofika pale pa "niliteleza" alisimama.

"Lazima hilo liwemo?"

"Lilitokea?"

"Lilitokea."

"Basi ndilo litakalowainua vitini. Na halikusemi vibaya wewe. Linasema ulikuwa unambeba mkeo kwa sababu wao hawakufanya kazi yao."

Akafikiri, akaitikia kwa kichwa taratibu. "Hamna hata tusi moja humu."

"Hata moja."

"Na inatisha kuliko yangu." Akatia sahihi.

Hiltje hufanya jambo moja la mwisho: rasimu ya hasira humrudishia mwenyewe, hata siku moja haitupi. Aliipigia mistari, hapa wavivu, hapa mkurugenzi, hapa mnyororo. Palipoandikwa kuhusu redio hakupiga mstari. Aliandika pembeni kwa penseli, "Hii si ya ofisi. Mpe Aukje mwenyewe." Foppe akaitia mfukoni mwa koti bila kuitazama, kama wanaume wa huko wanavyofanya na kila kitu kinachokaribia moyo.

Barua ilitumwa mchana huo, na nakala ikabaki kwa Foppe. Ijumaa shirika la nyumba lilipiga simu, na jioni yake jibu likaja kwa maandishi, likiwa na siku ya fundi na neno la kuomba radhi. Jumatatu fundi alikuja akabadilisha kifaa kilichokuwa kikikwama, na alipoifuata kengele ya dharura akakuta waya wake umekatika, haifiki popote. Foppe alisimama karibu naye muda wote mikono mgongoni, kwa mazoea ya kusimamia mitambo, akimpa ushauri ambao hakuombwa.

Jumanne iliyofuata mlango wa kituo ulisukumwa kwa magurudumu. Aukje, mwanamke mdogo mwenye skafu nyekundu, aliingia akiwa amekuja kutoka zoezi la kwaya. Nyuma yake alikuwa Foppe, uso kauelekeza dirishani.

"Wewe ndiye Hiltje," Aukje akasema. "Nimekuja kukushukuru kwa lifti. Na nimekuja na hii." Akaiweka mezani karatasi iliyokunjwakunjwa. "Nilikuwa nikipeleka koti lake kufuliwa. Hakunipa, bwana huyu, nimejipa mwenyewe."

Hiltje akaitambua, mistari yake na penseli yake pembeni.

"Tulioana tukiwa vijana," Aukje akasema huku akicheka. "Maisha yote hayo nilidhani anazima redio kwa sababu inamkera. Hajawahi kuniambia. Kumbe alikuwa anaiambia ofisi ya nyumba."

Foppe alikohoa. Alikaza macho nje kwenye mfereji, ingawa hakuna chombo kilichokuwa kikipita.

"Nilitaka kusema," akasema.

"Basi sema."

Akasema, kwa kirefu kuliko alivyozoea, na kwa sauti ambayo mama wa kufuma chumba cha pili hakuweza kuisikia ingawa alijitahidi. Alipomaliza, Hiltje alilifungua bati la biskuti kwa mara ya pili, akalisogeza katikati ya meza, akaliacha wazi.